Kijiko cha kreatini na ubongo uliokesha

Mjini Jülich, magharibi mwa Ujerumani, kuna kituo kikubwa cha utafiti ambako watu 15 wenye afya njema walikubali kukesha ili wapimwe. Walikesha mara mbili, kwa siku tofauti. Jioni ya mkesha mmoja walikunywa unga wa kreatini uliokorogwa kwenye maji. Jioni ya mkesha mwingine walikunywa unga mtupu, usio na kazi yoyote mwilini. Wao wenyewe hawakuambiwa usiku upi ni wa unga upi, na waliokuwa wakiwapima nao hawakujua. Usiku kucha waliingizwa kwa zamu ndani ya mashine ya sumaku inayosoma kemia ya ubongo bila kumchoma mtu sindano, wakitoka wakafanya mitihani ya kukumbuka maneno, kupanga tarakimu na kubonyeza kitufe kwa haraka taa inapowaka.

Matokeo yalichapishwa Februari 2024 katika jarida la Scientific Reports, mwandishi wa kwanza akiwa Ali Gordji-Nejad. Waliokunywa kreatini walifanya mitihani kwa kasi zaidi na kumbukumbu yao ya muda mfupi ilisimama vizuri zaidi kuliko usiku wa unga mtupu. Nafuu ilianza kuonekana saa tatu hivi baada ya kunywa, ikafika kilele saa ya nne, na mabaki yake yakaonekana hadi saa ya tisa. Habari hiyo ilienea upesi. Unga ambao miaka mingi ulikuwa wa wanyanyua vyuma ukaanza kutajwa kama dawa ya wanafunzi wa mitihani, wauguzi wa zamu ya usiku na madereva wa safari ndefu.

Waliosambaza habari hiyo waliacha kitu kimoja njiani: kipimo. Kila mshiriki alipewa gramu 0.35 za kreatini kwa kila kilo ya uzito wake, zote kwa mkupuo mmoja. Mtu wa kilo 70 alikunywa gramu 24.5. Kijiko kinachokuja ndani ya kopo la kreatini kwa kawaida hubeba gramu tano, kwa hiyo hivyo ni vijiko vitano karibu vijae vyote. Ukitaka kuipata kreatini hiyo buchani, kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu nne na nusu hivi. Mtu huyo angelazimika kumaliza kilo tano na kitu, jioni moja, kabla ya kuanza mkesha.

Nyama imetajwa kwa sababu. Kreatini iligunduliwa ndani ya nyama mwaka 1832 na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Mwili wa binadamu nao hujitengenezea, takriban gramu moja kwa siku, kwa kazi ya figo na ini, na sehemu iliyobaki huipata kwenye nyama na samaki. Asilimia 95 hivi ya kreatini yote ya mwili hukaa kwenye misuli. Ubongo una fungu dogo tu, tena nao una uwezo wa kujitengenezea ya kwake.

Kazi yake inaeleweka upesi kwa mtu anayeishi mjini penye mgawo wa maji. Nishati ambayo seli hutumia moja kwa moja huitwa ATP, na hiyo ndiyo maji yanayotoka bombani. Seli haina nafasi ya kuweka ATP nyingi. Inaitengeneza na kuitumia papo hapo. Kreatini ikishapachikwa fosfeti huwa fosfokreatini, na hiyo ndiyo tangi lililo juu ya paa. Matumizi yakizidi kasi ya bomba, fosfokreatini hutoa fosfeti yake na ATP hurudi mahali pake mara moja. Nyumba ambayo bomba lake halikatiki haina habari na ukubwa wa tangi. Nyumba iliyokatiwa maji tangu asubuhi inaujua vizuri sana.

Ubongo ni asilimia mbili hivi ya uzito wa mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyetulia. Kwa hiyo wazo la kuuongezea tangi si la kipuuzi. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayowazuia kutengeneza kreatini. Ubongo wao hubaki karibu mtupu, na huchelewa kusema na kujifunza. Wakipewa kreatini ya kunywa mapema, wengi hupata nafuu kubwa. Lakini wapo pia watoto wenye kasoro nyingine: kreatini wanaitengeneza, ila mlango unaoiingiza ndani ya ubongo umeharibika. Hao hata wakipewa unga mwingi, unafuu haupatikani kwa namna hiyo.

Watoto hao wa pili ndio wanaofundisha somo kubwa zaidi, kwa sababu hata kwa mtu mzima mwenye afya mlango huo ni mwembamba. Mwaka 1999 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, waliwapa watu sita gramu 20 za kreatini kila siku kwa wiki nne, kisha wakapima ubongo wao. Kreatini ilikuwa imepanda kwa wastani wa asilimia 8.7. Kwa misuli, kupanda kwa asilimia 20 kunaweza kupatikana ndani ya wiki moja. Yaani ubongo unapokea, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

Hapo ndipo usiku wa Jülich unapoanza kumkuna kichwa mtu anayeijua kazi hii. Ikiwa wiki nne za gramu 20 zinaleta asilimia tisa hivi, dozi moja ya jioni inawezaje kubadilisha ubongo kabla ya alfajiri? Gordji-Nejad na wenzake wanajibu kwa hoja ya mambo mawili kukutana. Kwanza, ubongo uliokesha umepungukiwa, na seli zake zina njaa ya nishati kuliko kawaida. Pili, dozi ile kubwa ilijaza damu kreatini kupita kiwango cha kila siku. Njaa ndani na wingi nje, wanasema, vilisukuma kreatini kuingia kwa kasi isiyoonekana kwa mtu aliyelala vizuri. Mashine ya sumaku iliwaunga mkono kwa kiasi fulani: uwiano wa fosfokreatini na fosfeti tupu ulibadilika, na ile hali ya ubongo kuelekea kwenye tindikali, ambayo huja na uchovu, ilizuiwa.

Ni hoja nzuri. Bado ni hoja ya watu 15.

Waliotangulia walikuwa wachache vilevile, na matokeo yao hayakukaa sawa. Mjini Chichester, kusini mwa Uingereza, Terry McMorris na wenzake waliwapa vijana gramu tano za kreatini mara nne kwa siku, siku saba mfululizo, kisha wakawakeshesha saa 24 huku wakiwapa mazoezi mepesi kila baada ya muda. Katika ripoti ya mwaka 2006, waliokunywa kreatini walishuka kidogo kuliko wenzao kwenye mambo manne: kazi ya kubuni mienendo isiyofuata mpangilio, kasi ya kuchagua kitufe sahihi, kusimama bila kuyumba, na hali ya moyo. Mitihani mingine haikuonyesha tofauti, na kwenye vipimo vya saa ya sita na ya 12 hapakuwa na tofauti yoyote.

Mwaka uliofuata timu hiyohiyo ilichapisha jaribio la pili, kwa dozi ileile, lakini mkesha ukiwa wa saa 36. Safari hii kasi ya kitufe haikusaidika, wala kusimama, wala hali ya moyo. Kilichotofautiana ni kazi moja tu ngumu, ile inayodai mtu azuie mazoea yake na kupanga upya mawazo, na tofauti hiyo ilijitokeza saa ya 36 pekee. Saa ya 18 na ya 24, kimya.

Msomaji wa tafiti anapaswa kukaa hapa kidogo. Mtafiti akiwapima watu 19 kwa mitihani saba, kila mtihani mara nne, amejipa nafasi 28 za kupata tofauti. Hata kama unga hauna nguvu yoyote, bahati peke yake inaweza kumtupia moja au mbili. Njia ya kutofautisha bahati na ukweli ni kurudia na kuona kama mtihani uleule unatoa jibu lilelile. Majaribio mawili ya Chichester yanakubaliana juu ya jambo moja: kreatini haikusaidia mapema, ilisaidia pale tu uchovu ulipokuwa mzito na kazi ilipokuwa ngumu. Juu ya kasi ya mikono na mizani ya mwili, la kwanza lilisema ndiyo na la pili likasema hapana. Mwenye kunukuu la kwanza peke yake hasemi uongo, anasema nusu.

Jaribio jingine linalopendwa sana ni la wachezaji kumi wa raga, lililochapishwa mwaka 2011 na Christian Cook na wenzake. Wachezaji walitakiwa kurusha mpira wakiwa mbioni, kulia mara 20 na kushoto mara 20, na shabaha yao ikahesabiwa. Siku walizolala saa saba hadi tisa walilenga vizuri. Siku walizolala saa tatu hadi tano, shabaha ilianguka. Saa moja na nusu kabla ya mtihani walipewa kreatini, au kafeini, au unga mtupu. Na wote waliopata kreatini au kafeini walirudi karibu na kiwango chao cha kawaida. Dozi ya kreatini ilikuwa miligramu 50 au 100 kwa kilo, yaani mchezaji wa kilo 90 alipata gramu 4.5 au tisa. Linavutia, lakini linaleta tatizo lilelile kwa ukali zaidi: kama dozi ya Jülich ilihitaji saa tatu kuonekana ikiwa gramu 24, gramu nne na nusu zilipitaje mlango mwembamba kwa dakika 90? Ubongo wa wachezaji haukupimwa, kwa hiyo jaribio lenyewe halina jibu. Shabaha imehesabiwa, sababu yake haijaonyeshwa.

Uchovu wa akili wa mchana, wa mtu aliyelala vizuri lakini amekaa na hesabu mpaka macho yanakauka, ni jambo jingine, ingawa magazeti huyachanganya. Mwaka 2002 Watanabe na wenzake, nchini Japani, walitumia mtihani unaojulikana huko kwa jina la Uchida-Kraepelin. Mtu hupewa karatasi iliyojaa mistari ya tarakimu na kujumlisha kila mbili zinazopakana: tatu na nane, nane na tano, tano na sita, mstari baada ya mstari, kwa muda mrefu. Hakuna hesabu ngumu hapo. Kinachopimwa ni jinsi mtu anavyopwaya. Waliokunywa gramu nane kwa siku tano walipwaya kidogo kuliko wengine. Lakini miaka 18 baadaye, mwaka 2020, Jeroen Van Cutsem na wenzake nchini Ubelgiji waliwachosha watu kwa dakika 90 za mtihani wa kutaja rangi ya wino bila kusoma neno lenyewe. Wiki moja ya gramu 20 kwa siku iliongeza usahihi kwenye mtihani huo mrefu, ila haikuzuia uchovu uliofuata kuharibu kazi ya macho na mikono. Akili ilijikaza zaidi ikiwa kazini, kisha ikalipa gharama yake kama kawaida.

Na mtu ambaye hajakesha wala hajachoka, anayekunywa kijiko kimoja kila asubuhi ili awe na akili kali zaidi? Huyu ndiye mnunuzi mkubwa wa kopo, na ndiye mwenye ushahidi dhaifu kuliko wote.

Matumaini yake yalianzia Sydney. Mwaka 2003 Caroline Rae na wenzake waliwapa watu 45 wasiokula nyama gramu tano kwa siku kwa wiki sita, kisha wakabadilishana na waliokuwa wakinywa unga mtupu. Mtihani mmoja ulikuwa wa kurudisha tarakimu kinyumenyume: mtu anasomewa saba, mbili, tisa, nne, naye anajibu nne, tisa, mbili, saba, na msururu unarefuka mpaka ashindwe. Wa pili ulikuwa wa mafumbo ya michoro, mtu akitakiwa kukisia kipande kilichokosekana. Kwenye yote miwili kreatini ilileta tofauti kubwa mno, ya kuwafanya watafiti wengine wainue nyusi.

Miaka 20 ilipita kabla ya mtu kulirudia jaribio hilo kwa ukubwa wa kutosha. Julia Sandkühler na wenzake walichukua watu 123, nusu yao wala nyama na nusu wasiokula, wakaandika hadharani kabla ya kuanza ni mitihani gani wangeitazama, kisha wakatumia dozi ileile, wiki zilezile sita, na mitihani ya namna ileile. Matokeo yalitoka mwaka 2023 katika jarida la BMC Medicine. Kwenye tarakimu za kinyumenyume kulikuwa na dalili ndogo iliyokaribia mstari wa kukubalika bila kuuvuka. Kwenye mafumbo, hata dalili hiyo haikuwepo. Wasiokula nyama hawakufaidika kuliko wenzao, na hilo linalingana na vipimo vingine vilivyoonyesha kuwa ubongo wao haupungukiwi kreatini hata kama misuli yao inapungukiwa kidogo. Watafiti wenyewe walikadiria kuwa kama faida ipo, ni kati ya pointi moja na mbili na nusu kwenye kipimo cha akili cha IQ. Kilichojitokeza wazi kilikuwa malalamiko ya maudhi ya mwili, ambayo yalikuwa mengi zaidi kwenye wiki za kreatini.

Novemba 2024 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya nayo ilitoa uamuzi. Iliombwa iruhusu kopo la kreatini liandikwe kuwa linaboresha uwezo wa akili kwa anayekunywa angalau gramu tatu kwa siku. Wataalamu wake walipitia majaribio yaliyowasilishwa wakakataa: uhusiano wa sababu na matokeo, walisema, haujathibitishwa.

Ukiyaweka haya yote mezani, tangi la juu ya paa linaeleza mengi. Ubongo uliolala una bomba linalotiririka, na kuuongezea akiba ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyojaa. Ubongo uliokesha saa 20 na zaidi umekatiwa maji, na hapo akiba huonekana, hasa kwenye kazi zinazodai fikra nzito. Hiyo ndiyo tafsiri inayobeba majaribio mengi bila kuyalazimisha. Lakini kuna pengo pana kati ya kilichopimwa Jülich na kinachouzwa. Kilichopimwa ni gramu 24 kwa mkupuo mmoja, usiku mmoja. Kinachonywewa mtaani ni gramu tatu hadi tano kila siku. Anayemeza kijiko kimoja saa mbili usiku akitegemea matokeo ya Jülich anafanya jaribio lake mwenyewe, la mtu mmoja, lisilo na unga mtupu wa kulinganisha.

Na anayefikiria kuiga dozi yenyewe asikilize walioitoa: watafiti wa Jülich walionya kuwa kiasi hicho kinaweza kuelemea figo na hakifai kwa matumizi ya nyumbani. Kabla ya figo, tumbo huwa la kwanza kulalamika. Gramu 20 na zaidi kwa mara moja huvuta maji ndani ya utumbo, na kuharisha alfajiri katikati ya zamu si msaada kwa mtu yeyote.

Dereva anastahili neno lake peke yake, hasa tangu Tanzania iruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku mwaka 2023. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha katika jarida la Nature kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya macho na mikono kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia kuendesha. Jülich hakuna aliyeshika usukani. Walipunguza hasara ya mkesha kwenye skrini, hawakuifuta, na hakuna jaribio lililotajwa hapa lililopima kama kreatini inamzuia mtu kusinzia sekunde tatu kwenye barabara iliyonyooka.

Kafeini nayo hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. ATP inapotumika hubakiza adenosini, ambayo hujikusanya kadiri mtu anavyokaa macho na kuuambia ubongo ulale. Kafeini huziba masikio yasiusikie ujumbe huo. Kreatini, pale inapofanya kazi, haizibi chochote. Ndiyo maana haimpi mtu ule msisimko wa kikombe cha kahawa, na aliyeinywa hawezi kujua kwa hisia kama imemsaidia. Mitihani ndiyo ilijua.

Limebaki jambo moja la hospitali, ambalo huwashtua watu bila sababu. Kreatini mwilini hugeuka polepole kuwa kreatinini, taka inayotolewa na figo. Maabara hupima kreatinini kwenye damu ili kukisia afya ya figo: ikipanda, figo zinashukiwa. Anayekunywa kreatini kila siku, na hasa mwenye misuli mikubwa, anaweza kuonyesha kreatinini ya juu huku figo zake zikiwa nzima, kwa kuwa malighafi imeongezeka. Kinyume chake pia kipo: mwenye ugonjwa wa figo uliofichwa na kisingizio cha unga. Daktari anaweza kuwatenganisha kwa kupima mkojo kama una protini, au kwa kipimo cha damu cha sistatini C, ambacho hakitegemei kreatini. Hataagiza vipimo hivyo asipoambiwa, kwa hiyo anayekwenda kupima figo amtajie daktari kopo lake la kreatini kabla damu haijatolewa.